Karatasi ya taarifa kwenye kabrasha la waandishi: mbona hawaioni namba?

Karatasi ya taarifa ni ule ukurasa mmoja au miwili ndani ya kabrasha la waandishi wa habari unaobeba takwimu za taasisi, maelezo mafupi ya historia yake na watu wa kuwasiliana nao. Mwandishi haisomi kuanzia juu hadi chini. Anaifungua wakati habari yake imeshaanza kuandikwa, anatafuta kitu kimoja, anakinakili, anaifunga. Maana yake kila mstari utanyofolewa na kuhamia kwenye habari ya mtu mwingine bila majirani zake. Hitilafu nyingi zilizo hapa chini zinatokana na mstari ambao ukishanyofolewa hauwezi kujisimamia.

Nimezipanga kwa dalili, kwa jinsi maofisa habari wanavyozilalamikia. Chini ya kila dalili, sababu inayojitokeza mara nyingi zaidi imetangulia. Anza nayo, kwa kuwa hitilafu nyingi huisha kabla hujafikia yale mazito.

## Dalili ya 1: Wanapiga simu kuuliza namba ambayo imo kwenye karatasi

Malalamiko ya kwanza huwa "hawa watu hawasomi". Kabla ya kuwalaumu, fungua faili lililoko kwenye tovuti (siyo nakala iliyo kwenye kompyuta yako, maana mara nyingine hayafanani), bonyeza Ctrl+F, kisha andika neno ambalo mtu wa nje angetumia. Kama swali lilikuwa "mna wafanyakazi wangapi?", andika "wafanyakazi". Unachokiona hapo ndicho kitakuonyesha sababu.

Neno linapatikana, ila katikati ya aya. Hii ndiyo sababu kuu. Namba imezikwa kwenye sentensi yenye mistari minne, na jicho linalokimbia linaipita. Itoe humo. Kila takwimu ipewe mstari wake: jina la kitu litangulie, namba ifuate, kisha tarehe na mipaka yake. Takwimu nane hadi kumi na mbili zinatosha ukurasa wa kwanza. Zilizobaki ziende ukurasa wa pili, la sivyo ukurasa wa kwanza utageuka ukuta mwingine wa namba. Usihofu kwamba orodha kavu itaonekana maskini. Mapambo yana nafasi yake kwenye kijarida, hapa yanaziba njia.

Neno halipatikani, lakini kitu chenyewe kimo. Hapo shida ni lebo ya ndani ya ofisi. Karatasi inasema "rasilimali watu", mwandishi anatafuta "wafanyakazi". Inasema "wanufaika", yeye anatafuta "wanafunzi" au "wagonjwa". Tumia neno la mwulizaji. Ukilazimika kubaki na neno rasmi, yaweke yote mawili kwenye mstari mmoja ili utafutaji uyapate. Chanzo kizuri cha lebo ni kisanduku chako cha baruapepe: fungua maswali ya waandishi ya mwaka uliopita, chota maneno yao jinsi walivyoyaandika, kisha yalinganishe na lebo zako. Utashangaa ni mangapi hayakutani.

Hata neno unaloliona kwa macho halipatikani. Jaribu kuliburuzia kipanya ulichague. Kama halichaguliki, faili lako ni picha. Hutokea sana pale karatasi inapochapwa, ikasainiwa na kupigwa mhuri, kisha ikaskaniwa na kupandishwa kwenye tovuti. Tiba nyepesi ni kurudi kwenye faili la awali na kulihifadhi upya moja kwa moja kuwa PDF. Sahihi na mhuri vibaki kwenye nakala ya kumbukumbu. Mwandishi hana kazi navyo.

Kama faili la awali limepotea, itabidi maandishi yatambuliwe upya kutoka kwenye picha. Kwa anayetumia dirisha la amri, mistari hii miwili inatosha, mradi programu za pdffonts na ocrmypdf zimeshasakinishwa. Wa kwanza unaorodhesha fonti zilizo ndani ya faili, na orodha ikitoka tupu basi ndani mna picha tu. Wa pili unatengeneza nakala yenye maandishi yanayotafutika, mradi data ya lugha ya Kiswahili imeshasakinishwa:

```
pdffonts karatasi.pdf
ocrmypdf -l swa karatasi.pdf karatasi-mpya.pdf
```

Baada ya hapo soma kila namba kwa jicho, moja baada ya nyingine. Programu ya kutambua maandishi huchanganya 1 na 7, husoma sifuri kuwa herufi O, na koma ya maelfu ikififia huiacha. Kosa la herufi mtu ataligundua mwenyewe, lakini kosa la tarakimu litachapishwa kama lilivyo. Kumbuka pia kwamba namba iliyo ndani ya chati huwa haitafutiki kama chati yenyewe ni picha. Iandike chini yake kwa maandishi ya kawaida.

Baadhi ya maneno yanapatikana, mengine hayapatikani. Hii ni nadra, lakini inamsumbua sana asiyeijua. Tafuta neno "ofisi". Kama halipatikani na liko mbele ya macho yako, linakili ulibandike kwenye Notepad. Likitoka "o si" au likiwa na kisanduku katikati, basi fonti imeunganisha f na i kuwa umbo moja, na faili halina kumbukumbu ya kwamba umbo hilo ni herufi mbili. Kwa Kiswahili hasara ni kubwa, maana "ofisi", "ufisadi", "mafiga" na "msafiri" vyote vinapotea kwa mkupuo. Zima uunganishaji wa herufi kwenye programu ya usanifu, au badilisha fonti, kisha hifadhi upya.

Katika kunakili huko huko, angalia pia mpangilio. Kama ukurasa una safu mbili na ukibandika mistari ya kushoto inaingiliana na ya kulia, mwandishi naye anapata mchanganyiko huo huo. Rudi kwenye safu moja. Ni tiba isiyo na mbwembwe, na inafanya kazi.

*Simama hapa:* kama karatasi ilitengenezwa na msanifu na wewe huna faili lake la awali, usianze kufuta na kuandika juu ya PDF. Fonti isipokuwepo kwenye kompyuta yako, programu itaweka nyingine, na namba zinaweza kusogea hadi kwenye mstari usio wake. Mrudishie msanifu orodha ya marekebisho.

## Dalili ya 2: Namba moja, vyombo vitatu, majibu matatu

Hapa ndipo penye kazi kubwa, kwa hiyo tuchukue mfano mmoja hadi mwisho. Chukulia shirika linalofundisha ufundi, ambalo karatasi yake ina sentensi hii:

> Tangu kuanzishwa kwake mwaka 2012, shirika limewafikia wanufaika zaidi ya 18,000 kupitia vituo vyake 14, huku kiwango cha ajira kikipanda kwa 5% na kufikia 65%.

Chombo cha kwanza kimeandika kwamba shirika limehitimisha vijana 18,000. Cha pili kimesema ni 18,000 kwa mwaka. Cha tatu kimeandika "karibu 20,000", kikinukuu hotuba ya mkurugenzi. Na vyote vitatu vimesema asilimia 65 ya wahitimu wanapata ajira. Hakuna mwandishi aliyetunga hapo. Sentensi yenyewe inaruhusu kila tafsiri.

Sababu ya kwanza: haijulikani ni nini kimehesabiwa. Muulize mtu wa takwimu swali moja: mtu afanye nini ndipo aingie kwenye hesabu hii? Katika mfano wetu, ofisi ya usajili inajibu kwamba 18,240 ni waliojiandikisha tangu 2012, na waliomaliza ni 15,300. "Wanufaika" lilikuwa limefunika tofauti ya watu karibu 3,000. Kwa hiyo mstari mmoja unazaa miwili, waliojiandikisha na waliohitimu. Uliza vilevile kama mtu aliyesoma kozi mbili amehesabiwa mara moja au mara mbili, maana hilo litaulizwa.

Ya pili: haijulikani ni ya kipindi gani. "Tangu 2012" imekaa mwanzoni mwa sentensi, na mwandishi amenakili nusu ya mwisho. Kila mstari ubebe kipindi chake wenyewe, hata kama itakubidi urudie tarehe ile ile mara kumi. Mhariri mwenye jicho la lugha atakwambia marudio hayo yanachosha. Kwenye insha yanachosha kweli. Hapa yaache. Na "kwa sasa" futa popote ulipolikuta. Andika "hadi 31 Desemba 2024".

Vituo 14 navyo vina hadithi yake. Ukipiga simu idara ya uendeshaji unaambiwa viwili vimefungwa kwa ukarabati. Mwandishi akifika kwenye kimojawapo akute kufuli, habari itakayoandikwa itakuwa ya kufuli.

Ya tatu: asilimia haina mwenyewe. Kutoka 60% kwenda 65% ni ongezeko la pointi 5 za asilimia. Ukisema "imepanda kwa 5%", mtu wa hesabu ataelewa kwamba ilianzia karibu 61.9%, wakati ukweli ni kwamba kwa hesabu ya uwiano imepanda kwa takriban 8.3%. Njia salama ni kuacha neno "kwa" na kutaja ncha zote mbili: kutoka 60% hadi 65%.

Zito zaidi ni hili: 65% ya nani? Ukifungua jedwali la dodoso unakuta wahitimu wa 2023 walikuwa 2,400, waliojibu ni 1,500, na kati yao 975 walisema wana ajira. 975 kwa 1,500 ni 65%. Lakini ukigawa kwa wahitimu wote 2,400 unapata chini ya 41%. Wale 900 ambao hawakujibu hatujui kama wana kazi au hawana, kwa hiyo kuandika "asilimia 65 ya wahitimu wana ajira" ni kudai jambo ambalo dodoso halikulithibitisha. Weka namba ghafi pembeni ya asilimia, kila unapokuwa nazo. Mwandishi makini atakushukuru, na asiye makini hatakuwa na pa kukosea.

Ya nne: kila hati inakadiria kivyake. Karatasi inasema 18,000, taarifa kwa vyombo vya habari inasema 18,200, hotuba inasema karibu 20,000. Kwenye karatasi andika namba kamili. Wengine wakadirie kutoka hapo, na wakikadiria wakae upande wa chini: "zaidi ya 18,000" ni kweli, "karibu 20,000" ni kutia chumvi.

Baada ya matengenezo, ile sentensi moja imekuwa hivi:

> Waliojiandikisha tangu 2012: 18,240 (hadi 31 Desemba 2024, aliyesoma kozi mbili amehesabiwa mara moja)
>
> Waliohitimu tangu 2012: 15,300 (hadi 31 Desemba 2024)
>
> Vituo vinavyofanya kazi: 12 (hadi 31 Desemba 2024, vingine 2 vimefungwa kwa ukarabati)
>
> Wahitimu wa 2023 walio na ajira miezi 6 baada ya kuhitimu: 65% ya waliojibu dodoso (975 kati ya 1,500, wahitimu wote walikuwa 2,400)
>
> Wahitimu wa 2022 walio na ajira miezi 6 baada ya kuhitimu: 60% ya waliojibu dodoso

Nyofoa mstari wowote hapo uupeleke popote, bado unasema ukweli ule ule. Pembeni, kwenye jedwali lisilochapishwa, andika kwa kila mstari nani alitoa namba, lini, na kutoka faili gani. Bila jedwali hilo, mwaka ujao utaanza upya kuuliza ofisi kwa ofisi.

*Simama hapa:* namba za fedha zisitoke bila mhasibu kuzilinganisha na hesabu zilizokaguliwa. Kama kampuni imeorodheshwa kwenye soko la hisa, usiweke takwimu yoyote ya mapato, faida au mauzo ambayo haijatangazwa rasmi. Mpelekee mwanasheria kwanza, kwa sababu kuwapa watu wachache taarifa kama hiyo kabla ya soko kunaweza kuwa kosa la kisheria. Idadi ya waliokufa au kujeruhiwa kwenye ajali usiihariri kabisa. Hiyo ni ya mamlaka inayoshughulikia tukio, wewe unaelekeza tu kwao.

## Dalili ya 3: Maelezo ya "Kuhusu sisi" hayatumiki, au yanatumika yakiwa yamepinda

Kagua kwanza urefu. Mwandishi ana nafasi ya sentensi moja au mbili, na wewe umempa aya tatu. Atafupisha mwenyewe, na katika kufupisha ndipo mwaka wa kuanzishwa unageuka mwaka wa usajili. Mpe matoleo mawili yaliyo tayari: moja la maneno kama 40, jingine la maneno kama 120. Yote mawili yaandikwe kwa nafsi ya tatu. "Tulianzishwa" hainakiliki kwenye gazeti, "lilianzishwa" inanakilika.

Kisha kagua sifa. Chukua kalamu ukate kila neno linalosifu: linaloongoza, la kipekee, la kisasa, lenye uzoefu mkubwa. Soma kilichobaki. Kama hakikubaki kitu, ulikuwa hujaandika maelezo, ulikuwa umeandika tangazo, na dawati la habari litayatupa yote, pamoja na tarehe na majina yaliyokuwa na maana. Kama kweli mnaongoza kwa jambo fulani, andika jambo hilo, mwaka, na aliyepima.

Vifupisho huja mwishoni. Kirefu kitangulie, kifupi kifuate, na hilo lifanyike ndani ya kila toleo, siyo mara moja tu kwa karatasi nzima, kwa sababu mwandishi atachukua toleo moja peke yake. Majina ya watu na vyeo yaandikwe kama wenyewe wanavyoyaandika. Mtumie kila mhusika mstari wake authibitishe.

*Simama hapa:* kama historia ina mgogoro wa umiliki, kesi iliyo mahakamani au mwanzilishi aliyeondoka kwa ugomvi, usijaribu kulainisha kwa maneno matamu. Mwanasheria aipitie aya hiyo, na ikishapita usibadilishe hata koma.

## Dalili ya 4: Wanasema wamewatafuta, ninyi hamkuona kitu

Piga namba iliyo kwenye karatasi ukitumia simu isiyo ya ofisi, kisha tuma baruapepe kutoka anwani ya nje. Fanya hivyo kabla ya kufikiri lolote. Mara nyingi aliyeandikwa hapo alishahama idara, au ujumbe unaangukia kwenye folda ya taka.

Vikipokelewa vizuri, angalia maandishi yenyewe. Namba ya simu ianze na alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi. Anwani ya baruapepe ionekane yote kwa herufi, siyo kufichwa nyuma ya maneno "bofya hapa", kwa sababu karatasi ikichapwa kiungo kinakufa. Anwani iwe ya kazi, kama ile inayoanza na `habari@`, na isomwe na watu wasiopungua wawili. Anwani ya mtu mmoja inakwenda likizo pamoja naye. Andika nani anajibu nini na kwa lugha zipi. Saa ziandikwe kwa mfumo wa 24 pamoja na tofauti yake na UTC: "saa tatu asubuhi" mwandishi aliyezoea saa za Kizungu anaweza kuisoma 03:00, akakuamsha.

Na mawasiliano yasikae mwisho wa ukurasa wa pili peke yake. Yaweke juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, na uyarudie chini ya kila ukurasa kwa mstari mmoja. Kurasa hutengana.

Namba binafsi ya mkurugenzi isiingie humo bila ridhaa yake. Ikishasambaa, hairudi.

## Dalili ya 5: Karatasi ya zamani haifi

Umesahihisha, na mwezi mmoja baadaye namba ya zamani imechapishwa tena. Tafuta jina la taasisi yako pamoja na namba hiyo ya zamani kwenye mtandao. Mara nyingi utakuta matoleo mawili au matatu kwenye tovuti yako mwenyewe, yenye majina kama `taarifa_final_mpya2.pdf`. Kufuta kiungo kwenye ukurasa hakuondoi faili kwenye seva. Aliyehifadhi anwani yake bado analipata.

Tumia jina moja lisilobadilika, mathalani `karatasi-ya-taarifa.pdf`, na kila toleo jipya lichukue nafasi ya la zamani kwenye anwani ile ile. Mwombe msimamizi wa tovuti azielekeze anwani za zamani huko. Tarehe ya kuhaririwa iwe juu ya kila ukurasa, ndani ya karatasi yenyewe, kwa kuwa jina la faili linaweza kubadilika mtu anapolipakua.

Fungua pia sifa za faili kwenye kisoma PDF. Kichwa kinachoonekana kwenye kivinjari hutoka hapo, na wengi wameacha "Microsoft Word - rasimu" pamoja na jina la mwandishi wa kwanza. Rekebisha. Kama kabrasha lina nakala ya Word, hakikisha mabadiliko yaliyofuatiliwa yamekubaliwa na maoni ya pembeni yamefutwa, la sivyo mwandishi atasoma mabishano yenu kuhusu namba ipi itangazwe.

Kama toleo lililokuwa na kosa limeshanukuliwa, usibadilishe faili kimyakimya. Weka mstari wa masahihisho juu, unaotaja namba ya zamani, mpya na tarehe, kisha waandikie waliochapisha, mmoja mmoja.

*Simama hapa:* kama kilichovuja ni taarifa za watu (majina ya wanafunzi, namba za vitambulisho, picha za wagonjwa), ondoa faili mara moja na umwite mwanasheria na mtu wa mifumo siku hiyo hiyo. Wala usizifunike kwa kisanduku cheusi juu ya PDF ukaipandisha tena: maandishi yaliyo chini ya kisanduku bado yamo, na mtu akichagua ukurasa mzima na kubandika kwingine atayasoma yote.